Daktari Ameaga, Mrija Umebaki Ndani

Mtu akizibwa na jiwe la figo, maumivu yake hayana mfano. Daktari bingwa wa njia ya mkojo humpitishia mrija laini wa plastiki kutoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, ili mkojo upite kando ya jiwe. Mrija huo huitwa stenti. Una urefu wa sentimita 24 hivi au zaidi kidogo, mwembamba kama mrija wa kalamu ya wino, na ncha zake mbili zimejikunja kama mkia wa kinyonga ili usiteleze juu wala chini. Mgonjwa huamka, maumivu yametulia, analipa bili, anarudi nyumbani. Jiwe likishaondolewa na uvimbe ukishuka, mrija hutolewa kwa kamera nyembamba inayopitia njia ya mkojo, kazi ya dakika chache tu.

Ila lazima utolewe. Kwa kawaida hukaa wiki chache, na mingi haikusudiwi kupita miezi 3 hadi 6, kutegemea aina yake. Ukiachwa, chumvi za mkojo huanza kuuganda, ncha inageuka kuwa jiwe jipya, na siku ya kuutoa unaweza kukatika au kugoma kabisa. Wako watu waliopoteza figo kwa sababu ya mrija uliokuwa umewekwa kuiokoa. Balaa yake ni kwamba wengi huuzoea. Haja ya mara kwa mara, damu kidogo kwenye mkojo, kichomi ubavuni wakati wa kukojoa: mtu anadhani ndiyo hali ya kupona.

Nimeanza na mrija huu kwa sababu unaonyesha, kuliko kitu kingine ninachokijua, kinachotokea daktari anapoandika barua ya kuacha kazi katika hospitali binafsi. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Kazi iko kwa watu ambao matibabu yao yameanza na hayajafika mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachoachwa. Katika hospitali nyingi kubwa za binafsi mjini Nairobi, daktari bingwa unayemwona si lazima awe mwajiriwa wa hospitali. Ana leseni yake kutoka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, leseni inayohuishwa kila mwaka, na mara nyingi ana chumba chake cha kuonea wagonjwa. Hospitali imempa ruhusa ya kulaza wagonjwa wake kwenye vitanda vyake na kuwapasua katika thieta yake. Ruhusa hiyo huombwa kwa vyeti, hupitiwa na kamati ya madaktari, na hutaja aina za kazi anazoruhusiwa kufanya. Aliyeruhusiwa kutoa mawe ya figo hajaruhusiwa kwa hilo pekee kukata figo yenye saratani. Na ruhusa ni ya jengo hilo tu. Ukiwa nayo kwenye hospitali ya mlimani, haikufungulii thieta ya hospitali ya bondeni.

Kwa hiyo daktari anayeirudisha ruhusa hiyo hajaacha udaktari. Huenda anahamia upande wa pili wa mji, anakwenda kusoma zaidi, amechoka na zamu za usiku, au hawapatani na uongozi kuhusu malipo. Nchini Marekani kuna rejista ya taifa iliyoanza kazi mwaka 1990, na hospitali hutakiwa kuripoti humo daktari anayejiuzulu akiwa katikati ya uchunguzi juu ya utendaji wake. Ni ukumbusho kwamba kujiuzulu wakati mwingine huwa ni kukimbia. Mara nyingi lakini ni kuhama tu kama anavyohama mwalimu au fundi, na mgonjwa hana haja ya kuanza kunusa kashfa.

Tofauti na fundi ni hii. Saa sita ya usiku wa siku ya mwisho ikipita, daktari yule hana tena mamlaka ndani ya jengo lile. Mgonjwa aliyempasua juzi akitokwa na damu saa nane za usiku, anaweza kupigiwa simu na akaja mbio. Mlinzi wa getini atamjua na kumfungulia. Thieta haitamfungulia. Hawezi kuandika dawa kwenye faili, hawezi kuagiza damu, na bima yake ya dhima huenda isimlinde akigusa chochote. Anabaki kusimama kwenye korido kama jamaa wa mgonjwa. Ndiyo maana tarehe ya mwisho ya ruhusa na tarehe ya mwisho ya matibabu hazifai kuachwa zigongane kwa bahati.

Tuchukue mfano. Daktari huyu nimemtunga, na takwimu zake pia, lakini kila jambo linalomkabili ni la kawaida katika kazi yake. Ni bingwa wa njia ya mkojo. Tarehe 1 Machi anampelekea barua mkurugenzi wa tiba wa hospitali, na nakala kwa mkuu wa idara. Kanuni za hospitali hiyo zinadai notisi ya siku 60, hivyo siku yake ya mwisho ni 30 Aprili. Hospitali nyingine zina notisi fupi zaidi au ndefu zaidi; kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye kanuni alizotia sahihi. Barua inasema mambo machache: anaacha nini, kuanzia lini, zamu zake za dharura zitaisha siku gani, na kwamba mpango wa wagonjwa umeambatanishwa. Haielezi ugomvi. Mwenye malalamiko huyaandika kwenye barua nyingine, kwa sababu hii ya kwanza itakaa kwenye faili na kusomwa na watu watakaotafuta mgonjwa.

Kisha anachukua kalenda na kuhesabu kurudi nyuma. Hapo ndipo ninapomtambua daktari anayejua kazi yake, kwa kuwa wengi huhesabu kwenda mbele na kupanga upasuaji mpaka siku ya mwisho, wakiwa na nia njema ya kumaliza foleni.

Upasuaji wa kukwangua tezi dume una desturi moja mbaya. Mgonjwa hukaa wodini siku 1 hadi 3, anatolewa mpira wa mkojo, anakwenda nyumbani akifurahi. Halafu kati ya siku ya 10 na ya 14 gaga la kidonda hubanduka, na wachache huanza kutokwa na damu inayoweza kuganda na kuziba kibofu. Ukihesabu siku 14 kurudi nyuma kutoka 30 Aprili, unapata 16 Aprili. Baada ya siku hiyo, daktari wetu hakwangui tezi ya mtu anayeweza kusubiri au kupasuliwa na mwenzake. Stenti ya wiki 6 iliyowekwa 19 Machi itatakiwa kutoka 30 Aprili yenyewe. Akiiweka 20 Aprili, siku yake ya kutoka ni 1 Juni, na wakati huo yeye hayupo. Haina maana aache mgonjwa aliyezibika afe na maumivu. Anaiweka, lakini siku hiyohiyo, kabla mgonjwa hajatoka hospitalini, jina la daktari atakayeitoa limeshaandikwa na mwenyewe ameshakubali.

Kuna pia mgonjwa wa saratani ya kibofu ya tabaka la juu. Baada ya kukwanguliwa uvimbe, anatiwa ndani ya kibofu dawa ya BCG, bakteria walewale waliodhoofishwa ambao watoto wetu huchanjwa nao dhidi ya kifua kikuu. Humo kibofuni huamsha kinga ya mwili ipigane na mabaki ya saratani. Hutolewa mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Aliyeanza 7 Aprili atapata dozi nne mpaka 28 Aprili, na mbili zitaangukia 5 na 12 Mei. Muuguzi ndiye huitia dawa, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kuondoka kwa daktari hakubadilishi kitu. Lakini dawa inahitaji sahihi ya daktari, na kwa kuwa ni bakteria hai, mgonjwa akipata homa kali isiyoshuka anahitaji mtu wa kuamua usiku uleule. Baadaye, mwezi wa 3 hivi, kibofu kinapaswa kuchunguzwa tena kwa kamera. Mgonjwa huyu hakabidhiwi kwa ajili ya dozi mbili. Anakabidhiwa kwa miaka.

Sasa swali ambalo mpango wote unaliegemea: ni akina nani hasa? Daktari akiulizwa atataja majina kumi kichwani, na atakuwa amesahau walewale wanaosahaulika. Wagonjwa wanaosumbua hukumbukwa. Anayenyamaza na mrija wake ndiye hukosekana.

Orodha hutengenezwa kutoka kwenye vitabu. Thieta ina rejista, ya karatasi au ya kompyuta, na kila stenti ina kibandiko chenye namba kinachobandikwa kwenye faili. Muuguzi wa thieta anapitia miezi 12 iliyopita na kuhesabu zilizoingia kwa jina la daktari huyu, kisha zilizotoka. Tuseme zimeingia 41 na zimetoka 35. Tofauti ni 6, na hizo 6 zina majina. Wanne wana miadi ya kutolewa kabla ya 30 Aprili. Wa tano alishatolewa katika hospitali ya kaunti karibu na kwao, na barua ya kuthibitisha inaombwa, haichukuliwi kwa mdomo tu. Wa sita aliwekewa Januari na hajaonekana tena.

Pembeni ya orodha hiyo kuna nyingine inayodharauliwa, ya majibu yanayosubiriwa. Kinyama kilichokatwa kwenye tezi dume huchukua siku kadhaa au zaidi maabara, na jibu hurudi kwa jina la aliyeagiza. Kama akaunti ya daktari imefungwa kwenye mfumo wa hospitali, jibu linaweza kuingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Limeandikwa saratani, limetiwa sahihi, limehifadhiwa vizuri, na hakuna aliyelisoma. Dawa yake ni ndogo: mkuu wa kitengo cha kompyuta anaombwa majibu yote ya daktari huyo yaelekezwe kwa daktari aliyetajwa kuanzia 1 Mei, na mtu mmoja anapewa jukumu la kuangalia sanduku la zamani mpaka orodha ya vipimo vilivyokuwa njiani iishe.

Kukabidhi nako kuna ujanja wake, yaani kuna namna ya kuonekana umekabidhi. Daktari anaandika kwenye kundi la WhatsApp la idara kwamba anaondoka na anaomba wenzake wamsaidie na wagonjwa. Watu wanane wanaweka alama ya dole gumba. Kila mmoja ana hakika kwamba mwingine ndiye aliyewachukua. Mwezi mmoja baadaye mgonjwa anafika mapokezi, anaambiwa, “Mzee, huyo daktari hayuko hapa tena,” na mazungumzo yanaishia hapo.

Mgonjwa amekabidhiwa pale daktari mmoja, mwenye jina, mwenye ruhusa ya kufanya kazi ileile katika jengo lile, amesema ndiyo juu ya mgonjwa yule. Anaweza pia kukataa. Labda foleni yake imejaa, labda haingii mambo ya BCG, labda bima ya mgonjwa haimtambui. Kukataliwa mapema ni heri, kwani bado kuna wiki sita za kutafuta mwingine. Pamoja na ndiyo hiyo huenda barua ya ukurasa mmoja. Ugonjwa ni upi, kimefanywa nini na lini. Ndani kumebaki nini, upande wa kulia au wa kushoto, kiliingia tarehe ngapi na kinatoka tarehe ngapi. Jibu gani linasubiriwa. Anatumia dawa gani, hasa za kuzuia damu kuganda, na dawa gani humdhuru. Nimetaja upande makusudi. Figo ni mbili, na barua ikikosa neno moja hilo, mwenzake analazimika kuanza kwa picha ya eksirei ili ajue anatafuta wapi.

Mgonjwa mwenyewe ana kauli. Hahamishwi kama mzigo wa posta. Anaambiwa kwa barua au ana kwa ana, mapema, kwamba daktari wake anaondoka siku fulani, kwamba fulani yuko tayari kumwendeleza hapahapa, na kwamba ana uhuru wa kwenda kwingine, ikiwemo kumfuata daktari anakohamia. Hapo hospitali huwa na wasiwasi, na si bure. Mgonjwa anayehama ni mapato yanayohama, na nimesikia daktari mmoja akilaumiwa kwamba amekwiba wagonjwa kana kwamba walikuwa mbuzi. Njia iliyo salama ni barua moja iliyokubaliwa na pande mbili. Faili la mgonjwa wa wodini huhifadhiwa na hospitali, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Daktari hawezi kunakili orodha ya majina na simu kutoka kwenye mfumo na kuondoka nayo kwenye flashi, hata kwa nia ya kuwahudumia. Mgonjwa akiomba nakala ya taarifa zake ziende kwa daktari mpya, hiyo ni haki yake, na ombi lake la maandishi humlinda kila mtu.

Anayemfuata daktari ahesabu gharama kabla ya kufurahi. Idhini ya bima kwa upasuaji hutolewa kwa hospitali iliyotajwa na kwa daktari aliyetajwa. Akihama, idhini ile huwa karatasi tu, na nyingine huombwa upya. Vivyo hivyo kwa anayetegemea Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: aulize kwanza kama kule anakokwenda huduma hiyo inalipiwa, na kwa kiasi gani. Amana aliyokwisha kulipa huidai hospitali ya kwanza, na asisubiri mpaka daktari awe ameondoka ndipo aanze kumtafuta mtu wa kutia sahihi.

Mpango wote huu unaweza kuvurugwa na jambo moja lililo nje ya uwezo wa daktari. Hospitali inaweza kupokea barua 1 Machi na kumfungia mfumo jioni hiyohiyo, kwa hasira au kwa hofu. Wakati mwingine kuna sababu ya kweli, kama vile usalama wa wagonjwa kuwa mashakani. Ikitokea hivyo, notisi ya siku 60 inageuka kuwa siku sifuri na jukumu la wagonjwa walio vitandani linaiangukia hospitali papo hapo. Haliwezi kubaki hewani. Kwa daktari, kilichobaki ni kuandika siku ileile kwa mkurugenzi wa tiba kuhusu kila mgonjwa aliyemkumbuka na hatari yake, na kuomba jina la aliyepewa. Ndiyo maana wazoefu huandaa orodha kabla ya barua. Orodha iliyotengenezwa baada ya mlango kufungwa hutoka kichwani, na kichwa nimeshasema kinasahau nani.

Turudi kwa yule wa sita. Ni mwanamume wa makamo aliyewekewa stenti upande wa kushoto katikati ya Januari. Alitakiwa kurudi mwishoni mwa Februari. Simu yake haipatikani. Muuguzi wa kliniki anaipiga asubuhi, anaipiga jioni, anaipiga Jumapili, na kila mara anaandika saa. Anatuma ujumbe mfupi usiotaja ugonjwa wala mrija, maana simu huazimwa na kusomwa na wengine: tafadhali piga simu kliniki, una miadi muhimu. Kisha anafungua fomu ya kulazwa na kutafuta jina la jamaa wa karibu. Ni kijana wake.

“Shikamoo, wewe ni nani?” kijana anauliza, akidhani anaongea na mtu mzima wa benki.

“Marahaba. Napiga kutoka kliniki alikotibiwa baba. Nahitaji kuongea naye mwenyewe.”

“Baba alipoteza simu. Yuko shamba, Kitui. Lakini alipona, sista.”

“Nafurahi kusikia. Naomba unipe namba ya kumpata leo.”

Hakumweleza kijana chochote zaidi, na hilo ni sahihi. Jioni mzee mwenyewe alipopatikana, alieleza kwamba hakurudi kwa sababu maumivu yaliisha. Ya haja za usiku mara tano aliyaweka kwenye umri. Hakuna aliyewahi kumweleza, kwa maneno aliyoyashika, kwamba kuna kitu ndani yake. Karatasi ya kutoka hospitalini ilisema “stenti,” na yeye alidhani ni jina la dawa aliyomaliza.

Alipofika tarehe 4 Mei, daktari wa kwanza alikuwa ameshaondoka siku nne. Hilo halikuwa na tatizo, kwa sababu barua ilikuwa mezani kwa mwenzake tangu katikati ya Aprili. Picha ya eksirei ilichukuliwa kwanza, kuona kama chumvi zimeshaganda kwenye ncha ya juu, kwani mrija wenye ukoko haung’olewi kwa nguvu. Ulikuwa na ukoko mwembamba tu chini. Ulitoka kwa dakika kumi, ukapimwa juu ya kitambaa cha kijani kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki, na muuguzi wa thieta akaandika kwenye safu iliyokuwa tupu tangu Januari: kushoto, mzima, 4 Mei.